Mita Nne za Mzee: Nani Aliyefuatwa na Barabara?

Ndugu msomaji, katika nchi yetu kuna swali moja ambalo mwenye nyumba ya kando ya barabara hulijua hata kama hajawahi kufungua kitabu cha sheria: wewe uliifuata barabara, au barabara ndiyo iliyokufuata? Jibu lake huandikwa ukutani kwa rangi. Ukipigwa alama ya X ya kijani, maana yake barabara imekufuata, nawe utalipwa fidia. Ukipigwa X nyekundu, maana yake wewe ndiwe uliyeifuata barabara; bomoa mwenyewe, au utabomolewa bila kulipwa senti.

Nataka leo kuijadili rangi hiyo, na nitasema wazi tangu mwanzo ninachokiamini. Utaratibu wetu wa kushughulikia malalamiko ya watu wanaopisha upanuzi wa barabara umejengwa kwa ustadi kuhusu jambo dogo, ukaachwa mtupu kuhusu jambo kubwa. Unampa mwananchi nafasi ya kubishia kiasi cha fidia. Haumpi nafasi ya kubishia rangi. Na rangi ndiyo inayoamua kama kutakuwa na kiasi cha kubishia.

Kwanza tuelewane rangi hizi zinatoka wapi. Kwa muda mrefu hifadhi ya barabara kuu nchini ilihesabiwa kuwa mita 22.5 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikaitanua hadi mita 30 kila upande. Kwa hiyo kila upande kukazaliwa ukanda mpya wa mita saba na nusu. Aliyejenga ndani ya mita 22.5 anahesabiwa kuwa mvamizi. Aliyekuwa tayari ndani ya ule ukanda mpya kabla ya sheria kubadilika hakuvamia kitu. Alilala usiku akiwa jirani wa barabara, akaamka asubuhi akiwa ndani yake. Huyo ndiye wa X ya kijani, na sheria yenyewe inatambua kwamba ardhi yake ikitwaliwa kwa ajili ya barabara anastahili fidia kwa mujibu wa sheria za ardhi.

Zipo barabara ambazo hifadhi yake ni pana zaidi ya hapo. Wengi mnakumbuka mwaka 2017, nyumba zilipobomolewa kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya ili kuipanua Barabara ya Morogoro. Pale kipimo kilichotajwa hakikuwa mita 30, bali mita 121.5 kutoka katikati ya barabara, na msimamo wa serikali ulikuwa kwamba waliomo ndani ya kipimo hicho hawastahili fidia. Sitaki kuifufua kesi ile hapa. Nataka tuone tu jinsi uzito wote wa maisha ya kaya unavyoweza kuning'inia kwenye nambari moja inayopimwa kutoka kwenye mstari mmoja. Mstari huo ukikosewa, kila kitu kinachofuata kimekosewa, hata kama mthamini angekuwa malaika.

Sasa niwasimulie nilichokishuhudia. Sitataja mji wala ofisi, kwa kuwa lengo langu si kumshitaki mtu.

Mzee mmoja, baba wa rafiki yangu, alijenga nyumba yake mwaka 1994 kando ya barabara kuu. Mradi wa upanuzi ulipofika, vijana wenye ndoo ya rangi walipita na kumpigia X nyekundu. Siku chache baadaye akapata notisi ya siku 30. Rafiki yangu akaniomba nifuatane naye kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, ambako mradi ulikuwa umefungua dawati la malalamiko: meza, kijana mmoja mpole, na daftari jipya lenye safu zilizopigwa mistari vizuri.

"Shikamoo mzee," kijana akamwamkia, akamkaribisha kiti. Akamuuliza namba yake ya uthamini. Mzee akasema hana namba, maana hakuthaminiwa. Kijana akafunua jedwali la fidia, akapitisha kidole juu hadi chini, akasema kwa upole uleule: "Mzee wangu, hapa tunapokea malalamiko ya watu walio kwenye jedwali. Kama umepunjwa chumba, kama jina limekosewa, kama kiasi hukukubali, tunaandika. Wewe humo. Sasa lalamiko lako nitaliandika kwenye safu ipi?"

Sina ugomvi na kijana yule. Alikuwa anasema ukweli kuhusu daftari lake. Safu ya kwanza ilikuwa namba ya uthamini. Asiye na namba hakuwa na mahali pa kuanzia. Kwa maneno mengine, ili ulalamike kwamba hukutambuliwa, ni lazima kwanza uwe umetambuliwa.

Tulirudi nyumbani kwa mzee, naye akatuonyesha jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Upande wa pili wa barabara, ndani ya majani, kuna kalavati la zamani la zege. Mzee akasema, "Barabara niliyoikuta mimi ilipita juu ya hilo." Barabara ile ya kwanza ilikuwa nyembamba, ya njia mbili. Ilipojengwa upya miaka kadhaa baadaye, lami ilisogezwa upande wa mzee ili kukwepa bonde, na kalavati likaachwa porini. Tukachukua utepe wa kupimia. Kutoka mstari mweupe wa katikati ya barabara ya leo hadi ukuta wa mbele wa nyumba, tulipata mita 21.4. Kutoka usawa wa katikati ya kalavati la zamani hadi ukuta uleule, tulipata mita 25.7.

Tazama nambari hizo, msomaji. Kwa mstari wa leo, mzee yuko ndani ya mita 22.5: ni mvamizi, nyekundu. Kwa mstari uliokuwapo siku anachimba msingi, yuko nje ya mita 22.5 na ndani ya mita 30: barabara imemfuata, kijani. Nyumba haikusogea hata inchi moja. Kilichosogea ni katikati ya barabara, na aliyeisogeza ni serikali yenyewe. Kati ya mvamizi na mwananchi mwenye haki kuna mita nne na kidogo, na mita hizo hazikupimwa na mtu yeyote mwenye wajibu wa kuzipima.

Si kusema kwamba utepe wetu ulikuwa sahihi kuliko vifaa vya wapimaji. Sisi ni mwalimu wa chuo, kijana mmoja na mzee. Ninachosema ni kwamba swali lilikuwa halali, ushahidi ulikuwapo, na hapakuwa na meza ya kuliweka.

Ili tuione thamani ya mita hizo, tuchukue hesabu ya mfano. Nambari za shilingi ni zangu, za kuelezea tu. Kanuni za hesabu ni zile zilizowekwa mwaka 2001 chini ya Sheria ya Ardhi. Tuseme mthamini ameikadiria nyumba, baada ya kuondoa uchakavu, kuwa na thamani ya shilingi milioni 30, na kiwanja milioni 10. Jumla ni milioni 40. Posho ya usumbufu huhesabiwa kwa wastani wa riba ambayo benki za biashara hutoa kwa amana ya miezi 12. Tukichukua asilimia 8, ni milioni 3.2. Posho ya makazi ni kodi ya soko ya mwezi mara miezi 36. Kwa kodi ya shilingi 150,000 ni milioni 5.4. Posho ya usafiri ni gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo kwa umbali wa kilomita 20; tuseme laki 4. Jumla yake ni shilingi milioni 49.

Akiwa kijani, mzee ana milioni 49 na haki ya kubisha kwamba zilitakiwa ziwe 55. Akiwa nyekundu, ana siku 30. Hapo ndipo ninapouliza: dawati linalosikiliza ubishi wa milioni 6 na kufunga mlango kwa ubishi wa milioni 49 linashughulikia malalamiko gani hasa?

Wataniambia kwamba mahakama ipo. Ni kweli ipo, na tuone mlango wake ukoje. Anayetaka kuishitaki serikali anatakiwa kutoa kwanza notisi ya siku 90, na shauri lenyewe hufunguliwa Mahakama Kuu. Mzee amepewa siku 30. Kwa hesabu ya darasa la pili, nyumba itakuwa kifusi siku 60 kabla ya notisi yake kuiva. Mawakili wanajua njia ya kupita hapo: Mahakama Kuu inaweza kuombwa itoe zuio la muda wakati notisi ikiendelea, na mara kwa mara huwa inatoa. Lakini njia hiyo ni ya mtu mwenye wakili, mwenye nauli, na mwenye mtoto aliyesoma wa kumweleza kwamba njia hiyo ipo. Utaratibu wa malalamiko ulibuniwa ili watu wasio na vitu hivyo wasilazimike kwenda huko. Ukiwaelekeza huko, umekiri kwamba hauna kazi.

Na hata aliyepata kijani asidhani amefika. Rangi ya kijani ni ahadi isiyo na tarehe. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 imeweka saa nzuri ya kumlinda mwananchi: fidia isipolipwa ndani ya miezi sita riba inaanza kuhesabiwa, na uthamini uliokaa miaka miwili bila malipo unakufa, lazima ufanyike upya. Lakini saa hiyo huanza kuhesabu pale Mthamini Mkuu wa Serikali anapouidhinisha uthamini. Rangi ukutani haiwashi saa yoyote. Mtu anaweza kukaa na X ya kijani miaka mingi, haezeki upya bati lililooza kwa kuogopa kuambiwa ameendeleza eneo la mradi, hapati mpangaji, hauzi, hakopesheki, na katika muda wote huo serikali haidaiwi hata riba ya siku moja. Uthamini unakufa kwa miaka miwili, rangi haifi.

Sasa nigeukie hoja ya upande wa pili, kwa sababu watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu ni wengi na hoja yao si ya kipuuzi. Wanasema hivi: hifadhi ya barabara ni mali ya umma. Wapo watu waliojenga humo wakijua, wengine usiku, wengine baada ya kusikia tetesi za mradi ili wakinge mikono. Ukifungua dawati la kubishia rangi, utapata malalamiko elfu moja ya uongo, mkandarasi atakaa na mitambo yake bila kazi, naye atadai gharama za ucheleweshaji, na gharama hizo atalipa mlipakodi yuleyule.

Nakubali nusu ya hoja hiyo. Wavamizi wapo, na sidai walipwe thamani ya ardhi isiyokuwa yao. Ila mvamizi anathibitishwa kwa ushahidi, na ushahidi wa aina hii si mgumu kupatikana. Picha za anga zipo. Michoro ya barabara ya zamani ipo kwenye makabati ya serikali. Risiti za kodi ya majengo zina tarehe. Siku nyumba ilipounganishwa umeme inajulikana. Barua ya toleo, kama ipo, ina saini ya ofisa ardhi. Mwongo atashindwa mapema mbele ya vitu hivyo, na mkweli atashinda mapema vilevile. Kinachochelewesha miradi si kusikiliza watu. Kinachochelewesha ni kukataa kuwasikiliza mwezi wa kwanza, kisha kukutana nao na zuio la mahakama mwezi wa kumi, mitambo ikiwa imeshafika.

Tena wenzetu hawa wanajua kwamba jambo hili linawezekana, maana linafanyika katika mji uleule. Barabara ikijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, masharti ya mkopeshaji yanataka waathirika wahesabiwe wote, akiwemo asiye na haki ya kisheria juu ya ardhi anayoikalia. Huyo halipwi ardhi, lakini hulipwa jengo lake na kusaidiwa kuhama, ili mradi alikuwapo kabla ya tarehe ya mwisho ya kuhesabu iliyotangazwa. Mpangaji anahesabiwa. Mama lishe wa kibanda cha mabati anahesabiwa. Na dawati la malalamiko linatakiwa kupokea lalamiko la aliyeachwa nje ya jedwali, si la aliyemo tu. Barabara inayojengwa kwa fedha zetu wenyewe haina sharti hilo. Yaani Mtanzania anaheshimiwa zaidi na barabara ya mkopo kuliko na barabara ya kodi yake. Sijui kama kuna fedheha kubwa kuliko hiyo kwa taifa linalojivunia kujitegemea.

Kwa hiyo ninadai nini? Mambo matatu, na yote yanaweza kuanza bila kusubiri Bunge.

La kwanza: kusiwe na rangi bila karatasi. Siku X inapopigwa, mwenye nyumba akabidhiwe hati ya ukurasa mmoja inayosema umbali uliopimwa, umepimwa kutoka mstari upi, kwa hifadhi ya upana gani, na kwa kifungu gani cha sheria. Ukuta hauwezi kukatiwa rufaa, karatasi inaweza. Yule mzee angekuwa na hati iliyoandikwa "mita 21.4 kutoka katikati ya barabara ya sasa", ubishi wake wote ungekuwa sentensi moja.

La pili: safu ya kwanza ya daftari la malalamiko iwe jina la mtu na mahali alipo, si namba ya uthamini. Kila anayekuja aandikwe na apewe stakabadhi yenye tarehe. Wale wanaobishia rangi wasikilizwe na watu ambao si wale walioipiga: mpima ardhi kutoka halmashauri, mthamini asiye wa mradi, na mjumbe aliyechaguliwa na wakazi wenyewe. Waende kwenye eneo na utepe, wapime mbele ya mlalamikaji, waandike uamuzi na sababu zake.

La tatu: nyumba yenye lalamiko la rangi ambalo halijaamuliwa isibomolewe. Hili ndilo litakalowatia watu hofu ofisini, lakini ndilo linaloyapa mengine mawili maana. Kifusi hakina umbali kutoka katikati ya barabara. Ukishabomoa, umeshaharibu ushahidi, na anayenufaika na kupotea kwake ni wewe uliyebomoa.

Siku moja nilisoma taarifa ya mradi mmoja wa barabara, na katika ukurasa wa malalamiko kulikuwa na majigambo kwamba yote yaliyopokelewa yametatuliwa. Nilimkumbuka kijana mpole na daftari lake. Bila shaka nalo lilipofungwa lilikuwa safi, limetatuliwa lote, maana lalamiko la mzee halikuingia humo kamwe. Nawaomba wanafunzi wangu, hasa mtakaokwenda kufanya utafiti kwenye miradi hii: mkiletewa daftari la malalamiko, msihesabu yaliyomo. Tokeni nje, tembeeni kando ya barabara, mhesabu alama nyekundu zilizobaki kwenye kuta, kisha muulize wangapi kati yao wamo daftarini.

Mzee tulimwandikia barua. Tuliambatanisha mchoro wa kalavati, vipimo vyote viwili, na nakala ya risiti zake za kodi ya majengo, tukaipeleka kwa mkono, tukadai muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu. Siku 19 zilikuwa zimebaki kwenye notisi yake. Tulipokuwa tunaondoka aliniuliza, "Mwalimu, hivi wao wakija kupima watapima kutoka wapi?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Wenye jibu ni wale waliobeba ndoo ya rangi na waliowatuma, na hadi notisi ile inaisha hakuna aliyewataka walitoe.